Barua ya Dila: Niliyoyaandika na Niliyoyafuta

Hotuba kwa wanafunzi wa takwimu na vijana wa idara za hazina za benki, Mombasa

Waheshimiwa walimu, wenzangu wa mabenki, na nyinyi wadogo zangu mlioacha upepo wa jioni huko nje mkaja kukaa humu ndani: asalaam aleikum, na hamjambo.

Aliyenialika aliniomba nizungumzie safari ya kutoka kwenye meza ya fedha za kigeni, ambako dila kama mimi huinunulia na kuiuzia benki dola, kurudi darasani. Nikamwambia safari bado sijaifunga hata mkoba, nilicho nacho mkononi ni barua ya kuacha kazi tu. Akasema basi njoo na barua. Nimekuja nayo, na jina la benki nimelifuta.

"Kwa Mkuu wa Idara ya Hazina. Nakala: Rasilimali Watu. Yahusu: kuacha kazi. Kwa barua hii natoa notisi ya kuacha kazi yangu ya dila wa fedha za kigeni. Mkataba wangu unataka notisi ya miezi miwili, kwa hiyo siku yangu ya mwisho itakuwa tarehe 31 Julai. Naondoka kwenda kusoma shahada ya uzamili ya hisabati za fedha. Siendi benki nyingine wala kwa wakala wa fedha. Nimeambatisha orodha ya mikataba yote iliyo wazi kwa jina langu, pamoja na maagizo ya wateja ambayo hayajatekelezwa. Niko tayari kutoka mezani siku yoyote benki itakayotaka. Siri za wateja nitazitunza baada ya kuondoka kama nilivyozitunza nikiwa kazini. Nashukuru kwa miaka niliyofanya kazi hapa."

Ndiyo barua yote. Rasimu yake ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko hiyo, na ndani yake mlikuwa na aya moja niliyoipenda sana nikaifuta. Nitawaeleza ilisema nini, lakini kwanza tuimalize hii iliyopelekwa.

Notisi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya siku 28, na kama mkataba wake umeweka muda mrefu zaidi, anafuata mkataba. Mikataba ya madila kwa kawaida ni mirefu zaidi. Sheria hiyo hiyo inaruhusu upande wowote kulipa fedha badala ya kungoja muda uishe. Fungueni mkataba wenu usiku huu mkifika nyumbani, kwa sababu vyuo huanza masomo kwa tarehe yake na havimngoji mtu aliyesahau kuhesabu miezi.

Sentensi ya kutoka mezani siku yoyote inawashangaza watu wasio wa kazi hii. Karani wa mikopo akitoa notisi, ataendelea na mikopo yake mpaka siku ya mwisho na hatimaye atakatiwa keki. Dila akitoa notisi asubuhi, aghalabu mchana haki zake kwenye mfumo zimeshafungwa: skrini ya kununulia na kuuzia, simu inayorekodiwa, na uwezo wa kuona maagizo ya wateja. Muda uliobaki hupewa kazi ya karatasi au huambiwa akae nyumbani huku analipwa. Hakuna matusi hapo. Dila anajua kampuni ya mafuta itanunua dola milioni ngapi Alhamisi. Anaweza kuiingiza benki katika mzigo ambao yeye hatakuwepo kuubeba. Mwenye benki mwenye akili hamwachi mtu wa namna hiyo mbele ya skrini. Mimi nilijitolea kutoka kabla sijaambiwa, na nadhani hilo lilinisaidia kuagana nao vizuri.

Ile orodha iliyoambatishwa, nayo, ni nzito kuliko barua yenyewe. Mnamo Februari 1995 Nick Leeson wa benki ya Barings aliondoka Singapore akaacha mezani karatasi iliyoandikwa kwamba anasikitika. Nyuma ya karatasi ile kulikuwa na akaunti ya siri nambari 88888 na hasara iliyofikia pauni milioni 827, na benki ile kongwe ikafa. Tangu hapo kila mkuu wa hazina, dila wake akisema anaondoka, jambo la kwanza moyoni mwake si huzuni. Anajiuliza huyu ameacha nini droo ipi. Kwa hiyo mwoneshe kabla hajauliza.

Mikataba iliyo wazi iko kwenye mfumo, mtu mwingine anaweza kuichapisha. Kisichoandikwa popote ndicho kinachomtesa anayekurithi. Chukueni mfano wa msafirishaji wa chai anayetarajia dola 500,000 baada ya miezi mitatu, na ameshatuuzia leo kwa bei tuliyokubaliana ya siku ile atakapozileta. Mfumo unaonesha mkataba wake na tarehe. Hauoneshi kwamba meli zake huchelewa, kwamba kila mara wiki ya mwisho hupiga simu kuomba tarehe isogezwe, na kwamba wewe ulikwisha kuizoea tabia hiyo ukawa unajipanga mapema kuazima dola za kufidia zile siku. Anayekurithi asipojua, siku ya makabidhiano atakuwa ameahidi dola hizo kwa benki nyingine, na atazitafuta sokoni saa tisa alasiri kwa bei ya mtu aliyebanwa. Nilimwandikia mwenzangu mambo ya aina hiyo, mteja mmoja baada ya mwingine, na mkuu wangu akasoma kila mstari.

Sasa mkopo. Hili halimo katika barua na halimo katika vitabu vya vyuo, ila ndilo linalowazuia wengi. Mfanyakazi wa benki hukopeshwa nyumba kwa riba ya wafanyakazi. Siku anapoacha kazi, riba ile inaweza kugeuzwa kuwa ya soko kama mkataba wa mkopo unavyosema, na mingi inasema hivyo. Tuseme umebakiwa na deni la shilingi milioni 3 na miaka kumi ya kulipa. Kwa riba ya asilimia 7 unalipa karibu shilingi 34,800 kwa mwezi. Kwa asilimia 17 unalipa karibu 52,100. Hizo ni shilingi elfu kumi na saba zaidi kila mwezi, na mshahara umeshakatika. Dila anayeweza kutaja bei ya dola kwa senti usingizini, mara nyingi hesabu hii hajaifanya. Na bonasi, ikiwa hulipwa mwezi wa tatu au wa nne, anayetoa notisi kabla haijaingia kwenye akaunti hana cha kudai. Mimi notisi yangu ilikuwa ya mwisho wa Mei. Mmeelewa.

Haya, tuingie katika ile aya niliyoifuta. Ilieleza kwa nini naondoka, na niliifuta kwa sababu ilihusu ripoti ya hatari ya idara yangu mwenyewe, na barua ya kuacha kazi si mahali pa kumpigisha mwajiri mtihani. Hapa tuko darasani, kwa hiyo inaruhusiwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 123. Mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu 157. Wenye kukumbuka watasema ilipanda ghafla, lakini sivyo. Ukitazama bei iliyotangazwa na Benki Kuu siku baada ya siku, utaona ngazi: leo senti kumi juu, kesho kumi na tano, kesho kutwa kumi na mbili. Gawanya zile shilingi 34 kwa siku 250 hivi za kazi, utapata kama senti 13 au 14 kwa siku. Na karibu kila siku mwelekeo ni ule ule.

Sababu ya ngazi ile mnaijua. Serikali ilikuwa na Yurobondi, yaani hatifungani iliyouzwa nje kwa dola, ya dola bilioni 2 iliyokopwa mwaka 2014, na ilipaswa kulipwa Juni 2024. Hakuna aliyekuwa na hakika dola za kuilipa zitatoka wapi. Mwenye dola alizishika, mwenye kuhitaji alinunua mapema zaidi ya haja yake, na bei ikapanda.

Jioni kila benki hupima hatari ya dola ilizobaki nazo. Kipimo chenyewe mtakiona kwenye ripoti kimeandikwa VaR. Maana yake ni hii: katika siku mia, tisini na tisa hatutapoteza zaidi ya kiasi hiki. Njia moja ya kukipata ni kuchukua mabadiliko ya siku 250 zilizopita, kuyapanga kuanzia baya kuliko yote, na kuhesabu mpaka la pili au la tatu. Njia nyingine ni kuchukua wastani na mtawanyiko, kuzidisha mtawanyiko kwa 2.33, kisha kutoa wastani.

Jaribuni kufanya hivyo kwa data ya 2023, na tuseme benki imeshika dola milioni 2. Wastani ni faida ya senti 13 kwa siku. Mtawanyiko, tuseme, ni senti 10. Zidisha kwa 2.33 upate senti 23, toa zile 13 za faida, zinabaki senti 10. Yaani siku mbaya kabisa, ile moja katika mia, unapoteza senti 10 kwa kila dola. Kwa dola milioni 2 hizo ni shilingi 200,000. Kwa benki, hizo ni fedha za chai. Kadiri ngazi ilivyokuwa laini, ndivyo kipimo kilivyozidi kutuambia tulale.

Ikaja Februari 2024. Benki Kuu ilipandisha riba yake mpaka asilimia 13. Serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili inunue sehemu ya ile ya zamani kabla ya Juni. Wiki hiyo hiyo ikaja hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, riba asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Serikali iliomba shilingi bilioni 70, ikachukua zaidi ya bilioni 240, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya wageni walioleta dola wazibadilishe. Hofu iliyojengwa mwaka mzima ikavunjika mara moja. Waliokuwa wameficha dola wote wakataka kuuza asubuhi moja. Katika siku chache za katikati ya mwezi, bei ilishuka kutoka karibu 160 hadi chini ya 150, na mwisho wa Machi ilikuwa karibu 132.

Mwenye zile dola milioni 2 alipoteza shilingi 10 kwa kila dola, yaani shilingi milioni 20, katika siku za kuhesabika kwa vidole. Kipimo kilimwambia laki mbili kwa siku.

Jibu la kwanza linalotolewa sokoni ni kwamba hakuna aliyeweza kujua. Mimi silikubali, na hilo ndilo lililonipeleka kuomba nafasi ya masomo. Siku ya tukio hakuna aliyeijua, sawa. Lakini kwamba tukio lingewezekana, kila dila alilijua. Tulilizungumza tukinywa chai. Tarehe ya deni ilikuwa imeandikwa miaka kumi kabla. Ila maarifa hayo hayakuwa na mlango wa kuingilia kwenye ripoti, kwa sababu ripoti husoma yaliyokwisha kutokea tu.

Tuufungue mlango huo kwa hesabu ndogo, wala haihitaji kompyuta. Tuseme kila siku kuna uwezekano wa moja katika 500 kwamba bei itaanguka kwa shilingi 10. Uwezekano kwamba mwaka mzima, siku 250, upite bila anguko hilo ni 0.998 ikizidishwa yenyewe mara 250. Jibu ni karibu 0.61. Maana yake, hata kama hatari hiyo ipo kweli na ni kubwa kiasi hicho, mara sita katika kumi data ya mwaka itaonekana safi kabisa. Ngazi laini ya 2023 haikuthibitisha kwamba hakuna shimo.

Sasa jambo lililonikosesha usingizi. Tuseme mpima hatari wa benki anakubali, analiingiza anguko lile kwenye hesabu kwa uwezekano wake sahihi wa moja katika 500. Kipimo cha 99 kitabadilika kiasi gani? Karibu hakuna. Moja katika 500 ni asilimia 0.2, nacho kinatazama mstari wa asilimia 1. Anguko liko nyuma ya mstari, na kipimo kinachoeleza mstari uko wapi hakisemi nyuma yake kuna ukuta au kuna bahari. Kwa hiyo hata ukiwa na data kamili na hesabu isiyo na kosa, VaR ya 99 bado itakupa laki mbili au zaidi kidogo.

Badala ya kuuliza mstari uko wapi, uliza wastani wa zile siku mbaya zote zilizo nyuma yake. Chukua siku 1,000. Kumi mbaya kuliko zote ndizo asilimia 1. Kati ya hizo, mbili ni za anguko la shilingi 10, na nane ni za senti kumi kumi tu. Jumla yake ni shilingi 20.80; gawa kwa kumi, wastani ni shilingi 2.08. Kwa dola milioni 2 unapata shilingi 4,160,000. Ni dola zile zile na soko lile lile, lakini kipimo kimoja kinasema laki mbili na kingine kinasema milioni nne. Kamati ya Basel yenyewe, inayotunga kanuni za mabenki duniani, katika kanuni zake mpya za mtaji wa hatari za soko, iliiacha VaR ikahamia kwenye wastani wa mkia namna hii.

Jambo moja zaidi kabla sijawachosha. Anguko la shilingi 10 mara moja katika siku 500 ni hasara ya senti 2 kwa siku ukiitandaza. Faida ya ngazi ilikuwa senti 13. Kwa hiyo, kwa mfano huu, kushika dola bado kulikuwa na faida kwa wastani! Dila aliyezishika hakuwa mjinga. Tatizo ni ukubwa. Aliyeambiwa hatari ni laki mbili hushika milioni 2 bila kufikiri. Aliyeambiwa ni milioni nne hushika nusu, au robo. Namba ile moja ingetoka wapi, ile moja katika 500? Kwa nini isiwe katika 200, au katika 2,000? Hapo ndipo uwezo wangu ulipokoma. Nilijua kuzidisha. Sikujua namna ya kukadiria uwezekano wa jambo ambalo halimo kwenye data, kutoka kwenye bei za Yurobondi, kutoka kwenye masoko ya nchi nyingine zilizopitia hali hiyo, na kusema kwa uaminifu makadirio yangu yana shaka kiasi gani. Nilimuuliza mpima hatari wa benki yetu. Alinijibu kwa upole kwamba tuko ndani ya vikomo. Ni kweli, tulikuwa ndani ya vikomo.

Na hiyo ndiyo aya niliyoifuta.

Wanaotaka kuifuata njia hii wataniuliza chuo kinadai nini. Barua ya kukubaliwa yangu ilikuja na sharti: nioneshe kwamba najua aljebra ya matriksi, kalkulasi ya vigeu vingi, na nadharia ya uwezekano kwa kiwango cha shahada ya kwanza. Mimi nilisoma biashara. Ujuzi wa soko haukuhesabiwa badala ya hata moja kati ya hizo, na nadhani wako sahihi. Usiku wa dila ni mfupi, lakini ndio nilioutumia kusoma kalkulasi, kabla sijaandika mstari wowote wa notisi. Nanyi wa takwimu mlio mbele hapa, haya mnayo tayari. Mnachokosa nyinyi ni kuona bei inatoka wapi. Mwanzoni mwa 2023, kwa mfano, bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi kadhaa chini ya ile ambayo mwagizaji wa bidhaa aliuziwa dola kwa kweli. Mkichukua safu ile ya namba mkaipeleka kwenye kompyuta bila kumuuliza mtu wa sokoni, mtapima mtawanyiko wa tangazo, si wa soko.

Nimeulizwa na mwenyekiti nitaanza na utafiti gani. Nitaanza na 129. Kuanzia katikati ya mwaka 2024 dola ilikaa hapo, 129 na senti kidogo, mwaka 2025 wote, ikisogea senti chache tu huku na kule. Chukueni siku 250 za kipindi hicho, zipangeni, hesabuni mpaka la tatu. Itakayotoka ni namba ndogo kuliko hata ile ya 2023, na safari hii ni ndogo pande zote mbili, kwa mwenye dola na kwa mwenye shilingi. Nataka kujua ni kiasi gani cha utulivu huo kinatokana na akiba ya dola ya Benki Kuu, kiasi gani kinatokana na fedha za walio ng'ambo na chai na maua, na ni namba gani ingefaa kuandikwa kwenye ripoti ya jioni mahali palipoandikwa karibu na sifuri.

Ahsanteni. Naona mikono imeshainuliwa kule nyuma. Tuanze na yule dada wa mtandio wa kijani.